Pesa Imetoka kwa Mfuko, Mbona Haijafika? Hotuba kwa Wanaokaribia Kustaafu

(Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa wafanyakazi waliobakiza muda mfupi kustaafu. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari zenu.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekagua madai ya mafao kwenye mfuko wa pensheni. Nimekaa upande wa pili wa dirisha lile mnaloliendea na bahasha mkononi. Na swali nililoulizwa kuliko yote ni hili: "Fomu nimeleta, viambatisho nimeleta, mbona mpaka leo sijalipwa?" Mtu anauliza kwa upole mara ya kwanza. Mara ya tatu anauliza kwa hasira, na ana haki, maana mshahara umekoma na pensheni haijaanza.

Wengi wanadhani mafao yanachelewa kwa sababu hesabu ni ngumu. Hapana. Siku hizi hesabu hufanywa na kompyuta, na huisha upesi. Kinachokula muda ni kulinganisha. Afisa anashika karatasi yako moja, anailinganisha na nyingine, kisha na kumbukumbu zilizomo kwenye mfumo, kisha na barua ya mwajiri, kisha na taarifa za benki. Zikisema jambo moja, jalada linasonga. Zikitofautiana mahali pamoja tu, jalada linasimama.

Na likisimama, linasimama vipi? Hapa naomba mnisikilize vizuri. Jalada lenye hoja kwa kawaida halibaki kwenye foleni likingoja zamu yake. Linatolewa na kuwekwa pamoja na madai yanayosubiri majibu ya mwanachama. Wewe unaandikiwa barua au unapigiwa simu. Sasa ile anwani uliyoandika ni ya nyumba ya kazi uliyokwisha kuihama, na ile namba ya simu ni ya laini uliyoiacha siku nyingi. Barua haikufikii. Wewe nyumbani unausubiri mfuko, na mfuko unakusubiri wewe. Nimeona majalada yaliyolala hivyo muda mrefu kuliko kazi yote ya malipo ingechukua, na kila upande ukiamini kwamba mwenzake ndiye mwenye deni la jibu.

Kwa hiyo kabla sijafika kwenye majina na akaunti: andikeni anwani na simu mtakazokuwa nazo baada ya kustaafu, si mlizo nazo leo ofisini. Barua pepe ya ofisi msiiandike kabisa. Hufungwa mara mtu anapoondoka kazini.

Sasa tuje kwenye jina.

Kulikuwa na mama mmoja, muuguzi. Alipoajiriwa alikuwa binti, akaandikishwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Akaolewa. Kitambulisho alichokata baadaye kikawa na jina lake na la mume. Benki nako alifungua akaunti ya mshahara, na karani akaandika jina lake, herufi ya kwanza tu ya jina la baba, halafu jina la mume. Mshahara uliingia mwaka baada ya mwaka bila tatizo, kwa hiyo hakuwahi kufikiri kwamba ana majina matatu. Lakini mbele ya afisa wa madai alikuwa nayo: moja la mfuko, moja la kitambulisho, moja la benki.

Afisa akamwandikia alete hati ya kiapo. Akaenda kwa mwanasheria, akaapa kwamba jina la ajira na jina la kitambulisho ni la mtu mmoja. Akaileta. Jalada likasonga, likapita ukaguzi, likapita hesabu, likafika kwenye malipo. Pale likasimama tena. Kwa nini? Kwa sababu kiapo kilitaja majina mawili, na lile la benki, lenye herufi moja katikati, halikutajwa. Ikabidi kiapo kiandikwe upya.

Mnaona lilipokuwa kosa? Mama yule hakudanganya, wala hakuzembea. Alijibu alichoulizwa. Lakini kiapo kinafunika majina yale tu yaliyoandikwa ndani yake, kwa herufi zile zile. Ukiwa na Mohamed yenye m moja na Mohammed yenye m mbili, hayo ni majina mawili. Zainab na Zainabu, majina mawili. Jina la baba likitangulia mahali pamoja na likafuata mahali pengine, hilo nalo litaulizwa. Kwa hiyo kabla hujaenda kwa mwanasheria, tandaza mezani karatasi zako zote: barua ya ajira, kadi au taarifa ya uanachama wa mfuko, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa kama kipo, na barua ya benki. Nakili jina kutoka kila karatasi kama lilivyo, hata kama limekosewa. Hasa kama limekosewa. Orodha hiyo ndiyo iingie kwenye kiapo.

Na mkiweza, fanyeni zaidi ya kuapa. Sahihisheni kwenye chanzo mkingali kazini. Mwajiri anaweza kuuandikia mfuko kuhusu mabadiliko ya jina, na benki inaweza kurekebisha jina la akaunti ukipeleka kitambulisho. Ukishastaafu, afisa utumishi aliyekufahamu naye huenda amehama, na atakayekuja atataka kwanza ajue wewe ni nani.

Tarehe ya kuzaliwa ni hivyo hivyo, ila ina uzito wa ziada. Jina likitofautiana, swali ni kama wewe ni wewe. Tarehe ya kuzaliwa ikitofautiana, swali ni kama umefikisha umri wa kulipwa, na kwa hiyo mfuko hautakubali kiapo cha juujuu. Utakuwa na kanuni yake juu ya karatasi ipi inatawala, na mara nyingi ni ile uliyoiwasilisha ulipojiunga, si ile uliyoipata karibu na kustaafu. Ulizeni mapema.

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye akaunti ya benki, na hapa nitakaa. Kosa la jina hugunduliwa kabla ya malipo. Kosa la akaunti hugunduliwa baada ya malipo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mfumo wa mfuko unaonyesha "umelipwa". Ukija dirishani, afisa anakuambia umelipwa. Ukienda benki, karani anakuambia hakuna kilichoingia. Na wote wawili wanasema kweli!

Pesa iko wapi? Ilitoka kwenye akaunti ya mfuko, ikafika benki yako, benki ikaikataa kwa sababu fulani, ikaanza kurudi. Ikirudi, haiingii moja kwa moja kwenye jalada lako. Inaingia kwenye akaunti ya mfuko pamoja na marejesho mengine, na inakaa hapo mpaka mtu wa idara ya fedha akae chini, alinganishe kila rejesho na orodha ya malipo, atambue kwamba hili ni lako, kisha awaandikie watu wa madai. Kuanzia hapo ndipo unaandikiwa ulete taarifa sahihi za benki. Kosa lenyewe ni la tarakimu moja. Safari ya kulirekebisha inapita idara tatu.

Makosa yenyewe ni yapi? Linaloongoza kati ya yale niliyoyaona ni mtu kuandika namba ya kadi badala ya namba ya akaunti. Mzee mmoja, dereva, alijaza fomu yake kwa uangalifu mkubwa, kwa herufi nzuri kabisa. Penye namba ya akaunti akatoa kadi yake ya benki mfukoni, akanakili tarakimu zote 16 zilizochongwa mbele, bila kukosea hata moja. Ile namba ni ya kadi, si ya akaunti. Kadi ikiisha muda unapewa nyingine, mara nyingi yenye namba nyingine, lakini akaunti inabaki ile ile. Utaitambuaje? Kadi za Visa huanza na 4. Za Mastercard huanza na 5 au 2. Nyingi zina tarakimu 16, zimepangwa nne nne. Ukiona umeandika hivyo kwenye fomu, simama. Namba ya akaunti iko juu ya taarifa ya akaunti inayotolewa na benki, au kwenye barua ya benki.

Kosa la pili ni sifuri iliyopotea, na hili mara nyingi si la mstaafu. Nilipata kushughulikia kundi la wastaafu wa mwajiri mmoja. Wote wana fomu safi, wote malipo yao yamerudi. Tukachukua fomu ya mmoja: akaunti, tuseme, 0041207536. Kwenye orodha ya malipo ilikuwa 41207536. Sifuri mbili za mwanzo hazipo. Tukachukua ya pili, sifuri ya mwanzo haipo. Ya tatu, hivyo hivyo. Mwajiri alikuwa ameandaa orodha kwenye jedwali la Excel, na Excel ikipewa tarakimu tupu inaziona ni hesabu, na katika hesabu sifuri ya mwanzo haina thamani, kwa hiyo inaiondoa. Kuna lingine baya zaidi: Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Akaunti yenye tarakimu 16, mfano 1234567890123456, ikiingizwa kama hesabu, ya mwisho inageuka sifuri: 1234567890123450. Idadi ya tarakimu inabaki sawa, jicho halioni kitu, na akaunti imekuwa nyingine.

Kama kati yenu kuna watu wa utumishi au uhasibu, nawaomba hili kama ninavyowaomba ndugu zangu: safu ya namba za akaunti iwekeni kuwa maandishi, yaani Text, kabla ya kuandika tarakimu ya kwanza. Ukibadilisha baadaye, sifuri zilizokwisha kuondoka hazirudi. Na wewe mstaafu, kabla orodha haijapelekwa, omba uoneshwe mstari wako. Hesabu tarakimu. Usitazame tu, hesabu kwa kidole.

La tatu ni tarakimu zilizopishana: 0041207536 ikaandikwa 0041270536. Kuna nchi zinazotumia IBAN, yaani namba za akaunti zinazoandikwa kwa mpangilio wa kimataifa, na humo ndani mna tarakimu mbili za ukaguzi. Namba nzima hupitishwa kwenye hesabu ya kugawanya kwa 97, na kosa la tarakimu moja au mbili jirani zilizopishana hunaswa kabla pesa haijatoka. Lakini si kila nchi ina IBAN, na si kila benki ina ukaguzi wa namna hiyo. Mahali pasipo na ukaguzi, mambo mawili yanaweza kutokea. Namba ile isipokuwa ya mtu yeyote, pesa inarudi. Ikiwa ni ya mtu, inaweza kuingia kwa huyo mtu, kwa sababu mifumo mingi ya malipo hufuata namba na hailinganishi jina. Nitalirudia hili, kwa sababu wengi hawaliamini: kuandika jina lako sahihi hakuikingi pesa yako ikiwa namba si yako.

Halafu kuna akaunti ambazo namba yake ni sahihi kabisa na bado zinakataa. Akaunti ambayo hukuitumia muda mrefu, benki imeilaza. Akaunti ya mshahara iliyofunguliwa kwa mkataba wa benki na mwajiri, ikabadilishwa au kufungwa ulipotoka kazini. Akaunti ya masharti mepesi yenye kikomo cha salio, na mkupuo wa mafao umekizidi kikomo hicho. Akaunti ya pamoja na mwenzi, wakati mfuko unalipa akaunti ya mwanachama peke yake. Tawi lililounganishwa na lingine, msimbo wake ukabadilika. Katika yote haya, ukiitazama fomu huoni kosa. Kosa liko benki, na ni benki tu itakayokuambia.

Ndiyo maana nawaambia, msijaze namba ya akaunti kwa kumbukumbu, wala kwa kunakili kutoka kwenye ujumbe wa simu. Nendeni benki mkaombe barua yenye muhuri inayotaja jina kamili la akaunti, namba yake, tawi na msimbo wake, na inayosema kwamba akaunti iko hai. Muulizeni karani maswali mawili kwa mdomo: je, akaunti hii inaweza kupokea kiasi kikubwa kwa mara moja? Na je, ina kizuizi chochote? Kisha fanyeni jaribio. Mpe ndugu yako zile taarifa kama zilivyo kwenye fomu, kwa mwandiko wako mwenyewe, akutumie kiasi kidogo kutoka benki nyingine. Pesa ikifika, fomu iko sawa. Asitumie namba aliyoihifadhi kwenye simu yake, maana hapo mtakuwa mmejaribu namba nyingine, si ile ya fomu.

Na kama malipo yamekwisha kurudi, usiulize tu "pesa yangu iko wapi". Uliza "yamerudi kwa sababu gani". Benki inayorejesha malipo hutoa sababu. Zile zinazotumia ISO 20022, yaani utaratibu wa kimataifa wa ujumbe wa malipo, hutoa kwa vifupi: AC01 ni namba ya akaunti isiyo sahihi, AC04 ni akaunti iliyofungwa, AC06 ni akaunti iliyozuiwa. Tofauti ni kubwa. Ukiwa na AC01, unasahihisha fomu. Ukiwa na AC06, fomu haina shida, na ukijaza nyingine kumi hutasaidika, unatakiwa kwenda benki kuondoa kizuizi. Nimemwona mtu akiambiwa alete fomu mpya ya benki, akaijaza kwa namba ile ile, malipo yakarudi kwa sababu ile ile.

Hapa niingize onyo, maana linahusiana. Ukishawasilisha madai, usibadilishe akaunti bila sababu ya lazima. Wezi wa mafao hufanya hivyo hivyo: wanasubiri dai liive, kisha wanaleta ombi la kubadili akaunti kwa jina la mstaafu. Kwa hiyo ombi la kubadili akaunti karibu na malipo hushtua wakaguzi. Utapigiwa simu, utaitwa uje mwenyewe, saini yako italinganishwa na ya zamani. Wanakulinda wewe, lakini muda unakwenda. Kwa sababu hiyo hiyo, msimpe mtu namba ya siri ya akaunti wala ya mtandao wa mfuko eti awasukumie jalada. Hakuna hatua ya madai inayohitaji namba yako ya siri.

Na jambo jingine linalofanywa kwa nia njema: mtu anaona kimya, anajaza dai la pili na kuliwasilisha. Msifanye hivyo. Mfumo ukiona madai mawili ya mwanachama mmoja unaweza kuzuia yote, mpaka mtu athibitishe kwamba si jaribio la kulipwa mara mbili. Kinachotakiwa ni barua ya masahihisho yenye kumbukumbu namba ya dai la kwanza. Na kwenye fomu yenyewe, ukikosea usipake wino mweupe. Kata kwa mstari mmoja, andika sahihi pembeni, weka saini. Ukikosea kwenye namba ya akaunti, chukua fomu mpya. Namba iliyokatwa na kuandikwa juu yake inasomwa vibaya na yule anayeiingiza kwenye kompyuta, hasa 1 na 7.

Kuhusu michango nitasema kwa ufupi, maana ni somo la siku nyingine. Tarehe ya mwisho wa ajira kwenye fomu yako iwe ile ile ya kwenye barua ya mwajiri. Kama barua inasema tarehe 30 na wewe umeandika tarehe 1 ya mwezi unaofuata, kwako ni usiku mmoja, lakini kwa afisa ni mwezi mwingine wa mchango ambao hauonekani. Na ombeni taarifa ya michango angalau mwaka mmoja kabla ya kustaafu, muitazame mwezi kwa mwezi mkiwa na hati zenu za mishahara. Pengo likionekana mkingali kazini, mwajiri ndiye atakayelifuatilia. Likionekana baada ya hapo, litasimamisha jalada lenu.

Nimeona mkono umenyooshwa tangu nilipozungumzia pesa kuingia kwa mtu mwingine, na swali nimelisikia: ikishatokea, mtu afanye nini?

Mama, fanya haya, na siku hiyo hiyo. Andika kwa mfuko, si kwa simu, kwamba hujapokea malipo, na uombe nakala ya uthibitisho wa malipo unaoonyesha namba ya akaunti iliyotumika. Linganisha na nakala ya fomu yako, tarakimu kwa tarakimu. Ndiyo maana usiwasilishe fomu kabla hujabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama fomu ilikuwa sahihi na kosa limefanyika wakati wa kuingiza, sema hivyo kwa maandishi na uambatishe nakala yako, kwa sababu hapo wajibu wa kukulipa unabaki kwa mfuko. Kama kosa liko kwenye fomu yako, anayeweza kuomba pesa irejeshwe bado ni mfuko kupitia benki yake, kwa kuwa wao ndio waliotuma. Wewe ukienda kwenye ile benki nyingine, hawatakuambia hata jina la mwenye akaunti. Usiku mmoja una maana hapa, kwa sababu pesa ikiwa bado imo kwenye akaunti ile, benki inaweza kuizuia. Ikishatolewa, mara nyingi inahitaji ridhaa ya aliyeipokea au amri ya mahakama.

Waliokuja na fomu zao, nitabaki hapa mbele. Njooni na kitambulisho, barua ya benki na taarifa ya michango, tuzipitie pamoja. Asiye na barua ya benki aende kuichukua kwanza.